Barua ya wazi kwa maafisa ugani vijana wa Kilimanjaro: sentensi tatu za kukutambulisha

Wanangu,

Siku hizi mnaalikwa kuzungumza kwenye mikutano ya Arusha, nami nafurahi sana. Waandaaji wanawaomba wasifu wa sentensi tatu kwa nafsi ya tatu, lakini wengi wenu mnawatumia hivi: "Mimi ni kijana mwenye ari na uzoefu mkubwa. Nilizaliwa Kibosho, nikasoma..." Nimeongoza vikao vingi, najua kinachofuata. Mshereheshaji hulazimika kugeuza maneno palepale jukwaani. Huanza vizuri, akifika "nimewasaidia wakulima" ulimi unateleza, na ukumbi mzima unasikia kwamba yeye ndiye aliyewasaidia. Geuzeni wenyewe mapema, kila kitendo, na msisahau kwamba "kazi yangu" nayo huwa "kazi yake".

Sasa tumchukue afisa ugani wa kahawa anayekwenda kuzungumzia magonjwa ya mibuni. Ningemwandikia hivi:

"Fulani ni afisa ugani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa Kibosho, mkoani Kilimanjaro. Tangu 2019 amewasaidia wakulima kung'oa mibuni ya zamani na kupanda aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Ana shahada ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Sokoine na anaishi Moshi."

Sentensi ya kwanza inasema ni nani na anafanya kazi wapi. Ya pili ndiyo yenye uzito, kwa sababu msikilizaji anataka kujua kwa nini mada hii amepewa huyu. Ndiyo maana chulebuni imetajwa kwa jina. Mtu huyohuyo akialikwa kuzungumzia bei ya kahawa mnadani, sentensi hiyo ya pili aiandike upya, aeleze alichofanya kwenye masoko. Nyingine mbili azibakize. Shahada nimeiweka mwisho kwa makusudi: nafasi ikiwa finyu kwenye kitabu cha ratiba, mhariri hukata kutoka chini, na hapo kilichopotea si kazi yake.

Tazameni pia hiyo "tangu 2019". Mngeandika "kwa miaka mitano sasa", maneno yangekuwa si kweli mwaka unaofuata, na wasifu huwa unanakiliwa kutoka mkutano mmoja hadi mwingine bila mwenyewe kuulizwa. "Mwenye ari" nimeiacha, maana hakuna anayeweza kuihakiki.

Ratiba ikichapishwa kwa Kiingereza pia, andikeni na wasifu wa Kiingereza wenyewe. Kwetu "amewasaidia" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, ila mfasiri wa Kiingereza atalazimika kuchagua, naye atakisia kwa jina tu. Nimeshuhudia dada akisomwa kama kaka mbele ya wageni, akapanda jukwaani huku watu wakinong'ona.

Kabla ya kutuma, mpe mwenzako ausome kwa sauti. Akikata pumzi katikati ya sentensi, ifupishe.

Mzee wenu, Moshi