Sigara za bei nafuu mpakani: soma onyo na stempu kabla hujalipa

Wenye maduka wa Taveta na vijiji vya jirani hutuuliza swali moja karibu kila wiki: mbona sigara zenu za jumla ni ghali kuliko za yule anayepita na pikipiki? Wengine hutuletea pakiti mkononi, wakitaka kujua kama ni bandia. Mara nyingi si bandia. Tumbaku ni ya kweli na kiwanda kinajulikana. Tatizo ni kwamba pakiti ile haikutengenezwa iuzwe Kenya, na ushuru wake haukulipwa hapa. Kwa anayekamatwa nayo rafuni, tofauti hiyo haimsaidii kitu, maana mzigo utachukuliwa vilevile.

Tuanze na bei, kwa kuwa ndiyo inayowavuta watu. Tangu mwisho wa mwaka 2024, ushuru wa bidhaa kwa sigara hapa Kenya ni KSh 4,100 kwa kila sigara 1,000. Pakiti ya sigara 20 basi ina KSh 82 za ushuru huo peke yake. Juu yake inakuja VAT ya asilimia 16, ambayo hupigwa kwenye bei iliyokwisha kujumlishwa ushuru. Ukichukua zile 82 tu, VAT yake ni kama KSh 13. Hapo tumefika 95, na hatujalipa tumbaku, karatasi, kichujio, kiwanda, gari wala faida ya mtu yeyote. Mtu akikuuzia pakiti ya sigara 20 kwa KSh 90 au 100 na kukuapia kwamba ushuru umelipwa Kenya, hesabu yenyewe inamkana.

Ng'ambo ya pili, Holili upande wa Tanzania, ushuru uko chini kuliko wetu, na Uganda pia. Ndiyo sababu mzigo wa sigara unatoka kule kuja huku, na kwa nadra sana unakwenda upande mwingine. Wengine hujitetea kwamba sisi ni Jumuiya moja, na bidhaa zinavuka bila forodha. Ni kweli umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, lakini unahusu ushuru wa kuingiza bidhaa. Ushuru wa bidhaa, yaani ule wa sigara na pombe, kila nchi inajipangia na kujikusanyia pale bidhaa itakapotumika. Sigara iliyolipiwa Dodoma haijalipiwa Nairobi.

Sasa, pakiti yenyewe inasema nini?

Kitu cha kwanza kinachoonekana hata bila miwani ni onyo la afya. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004 na Tanzania mwaka 2007, unataka onyo liandikwe kwa lugha kuu ya nchi husika. Kwa hiyo lugha ya onyo humtaja mnunuzi aliyekusudiwa. Pakiti yenye Kifaransa mbele na nyuma haikulengwa kwa mtu wa Mwatate. Yenye Kiarabu na Kiingereza ilitengenezwa kwa soko la Ghuba au majirani zake.

Ila hapa kwetu lugha ina mtego wake. Kiswahili ni cha Kenya na ni cha Tanzania, na wauzaji wa magendo wanalijua hilo. "Si unaona imeandikwa Kiswahili?" ndiyo hoja yao. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya kudhibiti tumbaku inataka onyo kwa Kiingereza na Kiswahili, lienee angalau asilimia 30 ya upande wa mbele na asilimia 50 ya upande wa nyuma. Tangu mwaka 2016 lazima liwe na picha: koo lenye saratani, mdomo uliooza, na mengine ambayo wateja wenu wameyazoea hata hawayaangalii tena. Pakiti za Tanzania tunazoletewa hapa zina onyo la maandishi tu, kwamba uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya yako, bila picha yoyote. Basi usiulize tu kama kuna Kiswahili. Uliza kama kuna lugha zote mbili, na kama kuna picha.

Onyo lakini linakupa dokezo tu, halimalizi kesi. Mtu mwenye mashine nzuri anaweza kuchapa picha. Anayetaja nchi kwa jina ni stempu.

Kenya ilianza mfumo wa sasa wa stempu za ushuru mwaka 2013, kwa sigara, mvinyo na pombe kali, na baadaye ukapanuliwa hadi soda, juisi na maji ya chupa. Stempu ina alama ya KRA na msimbo wa kusomwa kwa simu. Programu yake inaitwa Soma Label. Tanzania ilianza stempu zake za kielektroniki Januari 2019, chini ya TRA, na programu yao inaitwa Hakiki Stempu. Uganda ilifuata Novemba mwaka huohuo, chini ya URA, na yao inaitwa Kakasa. Tunashauri uweke zote tatu kwenye simu ukiwa na duka mpakani. Soma Label ikikataa msimbo, hujui bado kama stempu ni ya kughushi au ni ya kweli ya nchi nyingine. Programu ya jirani ndiyo itakayokuambia.

Tuchukue mfano wa pakiti moja iliyofika kaunta kwetu. Mama mmoja mwenye duka la rejareja alikuwa ameuziwa boksi la pakiti kumi. Muuzaji alimweleza kwamba ni mzigo wa Kenya wa zamani, uliotengenezwa kabla ya picha kuanza, ndiyo maana ni rahisi. Tulipoiweka kwenye mwanga, jambo la kwanza lilikuwa onyo: maandishi matupu, hakuna picha. Kama kweli ungekuwa mzigo wa Kenya wa kabla ya picha, basi ungekuwa umetengenezwa kabla ya mwaka 2016. Sigara ya umri huo ingekuwa kavu kiasi cha kumwaga tumbaku ukiigonga mezani. Tulifungua moja. Tumbaku ilikuwa laini, ina unyevu wake, harufu imejaa.

Tukahamia kwenye stempu. Ilikuwa juu ya kifuniko cha pakiti, ndani ya nailoni. Mahali pale ni muhimu, kwa sababu kiwandani stempu hubandikwa kwanza, ndipo pakiti inavishwa nailoni. Ukikuta stempu imebandikwa juu ya nailoni, jua mtu ameiweka baada ya pakiti kutoka kiwandani, na uongeze shaka. Hii ilikuwa imekaa vizuri. Soma Label ikakataa kuisoma. Hakiki Stempu ikaisoma, ikatoa jina la sigara ileile tuliyoishika. Kwa hiyo hakuna aliyeghushi chochote. Ni sigara halali ya Tanzania, imelipiwa Tanzania, na imevushwa kwa njia za panya. Mama alikuwa amenunua bidhaa ya kweli asiyoruhusiwa kuiuza.

Kuna aina ya pili, na hiyo ndiyo inayotusumbua zaidi kwa sababu inawanasa hata walio makini. Pakiti ina picha, ina lugha mbili, na ina stempu yenye alama ya KRA, lakini stempu imenakiliwa. Aliyeifanya alichukua stempu moja ya kweli na kuichapa mara nyingi. Ukiskani pakiti moja, simu inakubali, maana namba ile ipo kweli. Njia ya kumkamata ni kuskani pakiti tatu au nne kutoka boksi moja. Kila stempu ya halali ina namba yake. Namba ikijirudia, boksi zima ni la kuwekwa kando. Na usiridhike na kuona simu imekubali. Soma kilichoandikwa kwenye kioo: je, jina la bidhaa ni lile uliloshika?

Kwenye pombe kali kosa hili hutokea kwa sura nyingine. Stempu hung'olewa kwenye chupa tupu za robo na kubandikwa kwenye chupa kubwa, kwa hiyo simu inakuambia mililita 250 na wewe umeshika 750. Kagua pia kama stempu imepita juu ya kizibo bila kukatika, na kama kingo zake zina mikunjo au gundi iliyotoka nje. Onyo la chupani nalo lisome. Sheria ya Kenya ya vileo ya mwaka 2010 ina orodha ya maonyo yake, likiwemo la ugonjwa wa ini na la kutowauzia walio chini ya miaka 18. Chupa iliyoingizwa kihalali mara nyingi ina lebo ya ziada inayomtaja aliyeiagiza. Ukiona mwagizaji ni wa Kampala na stempu ni ya URA, chupa imeshajieleza.

Neno kwa walio karibu na Mombasa, ambako huletwa sigara kutoka Dubai. Falme za Kiarabu zina stempu zao pia: nyekundu kwa bidhaa za kuuzwa ndani ya nchi, na kijani kwa maduka ya uwanja wa ndege yasiyotoza ushuru. Onyo la Kiarabu na Kiingereza haliwezi kukuambia kama pakiti ni ya Dubai au ya nchi nyingine ya Ghuba, lakini stempu itakuambia. Kwa duka la Kenya, nyekundu na kijani ni sawa: hakuna hata moja inayoruhusu kuuza hapa.

Tukiri pia mpaka wa haya yote. Stempu inasema ushuru ulilipwa wapi na kwa bidhaa gani. Haipimi kilichomo. Chupa yenye stempu halali iliyofunguliwa kwa ustadi na kujazwa upya haitafichuliwa na simu, ndiyo maana tunasisitiza kizibo.

Mteja wetu yeyote akitilia shaka mzigo, hata kama hakuununua kwetu, alete pakiti mbili au tatu za boksi lilelile, au chupa ikiwa haijafunguliwa. Tutaziskani mbele yake bila malipo. Ikionekana ni za nje, ushauri wetu ni usizirudishe rafuni ukingoja ziishe. Kuwa nazo dukani ni kosa tayari, hata kabla hujauza moja. Ziweke kando, andika ulizipata kwa nani na lini, kisha uende ofisi ya KRA iliyo karibu ukiwa na risiti kama unayo. Na kama hukupewa risiti, siku nyingine iombe kabla ya kutoa pesa. Anayekuja na mzigo wa kuvuka mpaka hukataa hapohapo, na utakuwa umejua bila kushika simu.