Ushuru wa mauzo: hesabu ianzie kwenye droo

Kila mwezi ikikaribia tarehe 20, simu zetu huanza kulia, na swali ni lile lile: "Niandike pesa gani?" Asilimia 3 kila mtu anaijua. Kinachowasumbua wafanyabiashara wengi ni asilimia 3 ya nini.

Hapa Kenya, ushuru huu wa mauzo, ambao wengi wanauita TOT, unamhusu mwenye biashara inayouza zaidi ya shilingi milioni 1 na isiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Unakatwa kwenye mauzo yote. Bei uliyonunulia mzigo, kodi ya duka, mshahara wa kijana, hakuna kinachoondolewa. Kwa hiyo kosa kwenye mauzo ni kosa kwenye ushuru moja kwa moja.

Chukua mteja wetu, mama anayeuza nafaka Nakuru. Alipokuja mara ya kwanza, alikuwa anajumlisha pesa zilizoingia kwenye till na pesa alizokuta kwenye droo, basi. Tukaanza na droo. Jioni moja ilikuwa na 7,250. Lakini asubuhi alikuwa ameweka chenji ya 1,500, mchana akatoa 400 za mkokoteni, halafu 350 za maziwa na mboga za nyumbani. Mauzo yake ya taslimu siku hiyo yalikuwa 7,250 kutoa 1,500, ongeza 400 na 350, yaani 6,500. Kilichotolewa kwenye droo kabla ya kuhesabu kilitokana na mauzo pia, hata kama kimeshaliwa.

Mwisho wa mwezi taslimu ilifika 182,500. Taarifa ya till ilionyesha 214,600. Tukaipitia mstari kwa mstari na kalamu mkononi. Kulikuwa na 25,000 ambazo mweka hazina wa chama chake alimtumia humo humo. Huo ni mkopo, hata punje haikuuzwa. Kulikuwa na 9,600 za watu waliolipa madeni ya mwezi uliopita, ambayo yalikwisha kuandikwa siku mahindi yalipotoka dukani. Zikabaki 180,000. Kisha tukafungua daftari la madeni: mwezi huo alikuwa amekopesha mzigo wa 17,500. Mauzo yote, 380,000. Ushuru, 11,400.

Kwa njia yake ya zamani, hata kama taslimu ingehesabiwa sawa, angeandika 397,100 na kulipa 11,913, na bado angekuwa amesahau madeni mapya. Angalia pia kwamba till hukata ada yake. Wewe andika alicholipa mteja, si kilichobaki baada ya ada. Na kama una uwakala wa M-Pesa pembeni, pesa za floti si mauzo yako.

Daftari lenyewe si la kutisha: tarehe, taslimu, till, deni, jumla, mstari mmoja kila jioni. Pakua taarifa ya till kila mwezi, na pembeni ya kila pesa isiyo ya mauzo andika imetoka wapi siku ile ile, maana baada ya miezi minane hutakumbuka. Vitu hivi vinatakiwa kutunzwa miaka 5.

Ritani inajazwa kwenye iTax, unapata namba ya malipo, unalipa kwa Paybill 222222. Mwezi ambao hukuuza, jaza sifuri. Kuchelewa kujaza ni faini ya 1,000. Kuchelewa kulipa ni asilimia 5 ya ushuru, na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Sasa jambo ambalo watu hawaulizi. Mama huyu akitoa bei ya kununulia na usafiri hubaki na kama asilimia 10 ya mauzo, yaani 38,000 kwenye yale mauzo ya 380,000. Toa 26,000 za kodi ya duka, msaidizi na stima, anabakiwa na 12,000. TOT inachukua 11,400. Amefanya kazi mwezi mzima kwa 600.

Sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna na kuomba atoke kwenye TOT, atozwe ushuru wa kawaida wa mapato kwa faida. Faida ya 144,000 kwa mwaka, ikiwa hana mapato mengine, hutozwa asilimia 10, ni 14,400. Nafuu ya binafsi ni 28,800 kwa mwaka, kwa hiyo ushuru unaisha wote. Ila huko matumizi yanahitaji ushahidi: tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, kwa kawaida haikubaliwi. Yeye hununua mahindi kwa wakulima wadogo wasiotoa ankara, kwa hiyo kabla ya kuandika barua hiyo tumeanza kumwonyesha jinsi mnunuzi anavyoitoa mwenyewe kwa niaba ya mkulima.