Kwa watoa mada: kila swali lina dakika tatu

Ndugu watoa mada,

Salaam kutoka ofisi ya uratibu. Baada ya kupokea ratiba ya kongamano la hifadhi ya mahindi hapa Arusha, baadhi yenu mmeuliza kwa nini maswali yametengewa dakika 20 tu, na kama mtajibu kwa zamu au wote kwa pamoja. Tunaeleza hapa utaratibu wote ili mje mmejiandaa.

Kila kikao kina dakika 90 na watoa mada wanne. Mwenyekiti anafungua kwa dakika 4, kila mmoja wenu anapata dakika 15, na dakika moja inapita kabla ya kila mada, mnapopishana jukwaani na fundi anapofungua slaidi. Zinabaki dakika 22. Tunatoa 2 za kufunga, na 20 ni za maswali. Mada zote zinawasilishwa kwanza, halafu mnakaa wanne mbele na maswali yanaanza.

Hatutakusanya maswali matatu matatu. Tunajua huo ndio utaratibu uliozoeleka kwenye makongamano yetu mengi, na unaonekana kuokoa muda, lakini sisi tunaona unaua mjadala. Mtoa mada akiwa na maswali matatu mkononi hulijibu kwa kirefu lile rahisi, la pili analigusa, na la tatu, ambalo mara nyingi ndilo gumu, linapotea. Aliyeuliza hana tena nafasi ya kusema, "Samahani, hujanijibu." Kwa hiyo tutachukua swali moja, litajibiwa na kumalizika, ndipo tutasogea kwa mwingine.

Swali moja na majibu yake lina dakika tatu. Muulizaji ana sekunde 45: anataja jina na anakotoka, anamtaja mtoa mada anayemwuliza, anauliza. Wewe una dakika moja na nusu ya kujibu. Kisha muulizaji huyo huyo anaruhusiwa swali moja la nyongeza la sekunde 15, kama tunavyosikia bungeni, nawe unalijibu kwa nusu dakika. Maswali sita ya namna hiyo yanakula dakika 18, na 2 zinazobaki zinamezwa na kipaza sauti kinapotembea ukumbini. Mwenyekiti atahakikisha kila mmoja wenu anapata angalau swali moja, na moja kati ya yale sita litatoka kwa wanaofuatilia kwa Zoom. Hilo litasomwa na mhudumu wetu, na kwa kuwa mwenyewe hayupo ukumbini, nyongeza yake itasomwa tu ikiwa ameshaiandika.

Dakika moja na nusu inatosha kuliko inavyodhaniwa. Tuchukue swali ambalo tuna hakika litaulizwa. Mtu anasimama na kusema: "Umetuonyesha mifuko isiyopitisha hewa. Je, mkulima akihifadhi mahindi humo, atakuwa ameepuka sumukuvu?" Jibu zuri linaanza na jibu lenyewe: "Ataepuka ile ambayo ingejitengeneza ghalani, lakini haitaondoa ile iliyokwisha kuingia shambani au wakati wa kukausha." Kisha sababu: mfuko ukifungwa vizuri, wadudu na nafaka yenyewe hutumia oksijeni iliyomo hadi ikapungua sana, wadudu wakafa na kuvu wakadumaa. Kisha sharti: mahindi yaingie yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi, maana yakiwa mabichi yataoza humo humo. Hapo umemaliza, na bado una sekunde kadhaa.

Muulizaji anarudi: "Na asiye na kipima unyevu?" Unajibu: achukue chupa ya kioo iliyokauka, aweke mahindi hadi theluthi, aongeze chumvi kavu kiasi, afunge na kutikisa kwa dakika kadhaa, kisha aiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, ayarudishe juani. Isipoganda, yako chini ya hapo, lakini kwa mfuko usiopitisha hewa ni vyema ayaanike tena kabla ya kuyafunga. Yote hayo yanasemwa ndani ya nusu dakika, na mkulima aliyekaa nyuma ameondoka na kitu cha kufanya.

Linganisheni na jibu linaloanza kwa "Nashukuru sana kwa swali hilo zuri, na kabla sijalijibu naomba nirudi kwenye slaidi ya saba." Slaidi hazitarudishwa wakati wa maswali, fundi atakuwa ameshazizima. Kama una jedwali unalojua litaulizwa, weka tarakimu zake mbili tatu muhimu kwenye karatasi mbele yako. Na kama jibu hulijui, au utafiti wako haukufika huko, sema hivyo kwa sentensi moja na umwelekeze muulizaji kwa mwenzako anayelijua. Muda uliobaki utakwenda kwa swali linalofuata.

Ugumu mwingine uko upande wa ukumbi, na huo tuachieni sisi. Kila mara atasimama mtu na kusema, "Mimi sina swali, nina mchango," au aanze na salamu na pongezi hadi swali lisionekane. Kwa sababu hiyo wahudumu wetu hawamwachii mtu kipaza sauti; wanakishika wenyewe mbele yake. Sekunde 45 zikiisha, mwenyekiti atauliza, "Swali lako ni lipi, ndugu?" na lisipokuwepo kipaza sauti kinaondoka. Wenye michango watapewa fomu ya kuiandika, nayo tutaiambatisha kwenye taarifa ya kongamano. Utaratibu huu ni mmoja kwa profesa, mheshimiwa na mkulima. Tunawaomba msianze kujibu mchango usio na swali hata kama umewagusa, kwa sababu mkijibu mmempa nafasi ya kuendelea.

Mtunza muda atakaa mstari wa kwanza, katikati. Kadi ya njano ina maana zimebaki sekunde 30, nyekundu ina maana umalizie sentensi uliyo nayo. Kwenye jibu la nyongeza hakuna njano.

Kuna wakalimani wa Kiswahili na Kiingereza, nao hubaki nyuma ya msemaji kwa sekunde chache. Ukiulizwa kwa lugha unayoisikia kupitia kifaa cha masikioni, subiri sauti ya mkalimani iishe ndipo uanze. Saa yako inahesabiwa kuanzia neno lako la kwanza. Kama mtu ameuliza bila kipaza sauti, lirudie swali lake kwa kifupi kabla ya kujibu. Wakalimani kwenye kibanda chao hawakulisikia, na walioko Zoom hawakulisikia pia.

Tunawaomba mfike ukumbini nusu saa kabla ya kikao chenu, mkutane na mwenyekiti na mjaribu vipaza sauti. Yeyote anayehitaji mkalimani wa lugha ya alama, au ambaye angependa kujibu akiwa amekaa wakati wenzake wamesimama, atujulishe mapema ili tupange meza.

Wenu,
Ofisi ya Uratibu, Arusha