Ushuhuda wa mteja: kata, lakini usiongeze

Ombi tunalopokea mara nyingi zaidi hapa ofisini Ngara huja hivi: mwenye biashara anatutumia ujumbe wa sauti wa mteja wake, halafu anaandika chini yake, "Mnitengenezee hii ikae poa, niweke kwa ukurasa." Kutengeneza tunatengeneza, ndiyo kazi yetu. Ila kuna aina ya kutengeneza tunayoikataa hata ukituongezea pesa, na kwa kuwa swali hili linarudi kila wiki, heri tulieleze mara moja kwa kirefu.

Tuchukue mfano halisi. Mmoja wa wateja wetu ni fundi wa makochi anayeuza kando ya Barabara ya Ngong. Alitupa sauti ya mama mmoja wa Umoja. Yeye na huyo mama wameturuhusu kuitumia, majina tukiyaacha. Mama alisema hivi:

"Sasa fundi. Ile kochi iko poa. Kusema ukweli ile Alhamisi nilikuwa nimekasirika, uliniambia inakuja na ikakuja Jumamosi, wageni wangu wakakaa kwa viti vya plastiki. Na rangi imekuwa nzito kidogo kuliko ile ya picha. Lakini watoto wanaruka hapo tangu mwezi wa tano na haijabonyea. Ile nilikuwa nayo kwanza ilibonyea kabla Krismasi ifike. Dada yangu ameiona anataka ya watu watano. Umfanyie bei poa."

Fundi alikuwa ameshajiandikia toleo lake: "Nilifurahishwa sana na huduma ya haraka na ya kitaalamu. Kochi ni la ubora wa hali ya juu na limebadilisha sebule yangu kabisa. Ninawapendekeza kwa kila mtu!"

Soma yote mawili tena. La pili lina uongo wa waziwazi, maana mama alingoja siku mbili zaidi na fundi anamwekea "huduma ya haraka" mdomoni. Lakini hata ukiuondoa uongo huo, kilichobaki hakina kazi. Sentensi hiyo unaweza kuihamishia kwa muuza magodoro, kinyozi au kampuni ya kuhamisha nyumba na isibadilike neno zaidi ya "kochi" na "sebule". Msomaji wa Nairobi ameshaona mia kama hizo, na anazipita bila kusimama.

Sasa fikiria anayenunua kochi kando ya barabara anaogopa nini. Kitambaa anakiona, anakishika. Mbao anaweza kuigonga. Asichokiona ni sponji iliyo ndani, na hapo ndipo watu wanapoumia: sponji nyepesi inakaa vizuri siku ya kwanza sawa tu na ile nzito, tofauti inajitokeza baada ya miezi ya kukaliwa. Fundi anaweza kuapa mpaka jioni kwamba ametumia sponji nzito, na kila fundi jirani yake anaapa hivyohivyo. Ushahidi pekee ambao mnunuzi hawezi kuupata pale barabarani ni mtu aliyekwisha kulikalia kochi kwa muda. Mama wa Umoja ametoa ushahidi huo kwa sentensi mbili: watoto wanaruka, mwezi wa tano, haijabonyea, ya kwanza ilibonyea. Toleo la fundi limetupa hicho kitu chenyewe na kubakiza "ubora wa hali ya juu".

Kwa hiyo kanuni yetu ni fupi. Tunakata, hatuongezi. Hapo kwa mama tulitoa "Sasa fundi" na ile habari ya bei poa ya dada, ambayo ni mazungumzo yao wawili. Palipokatwa katikati ya maneno tunaweka nukta tatu, msomaji ajue kuna kitu kimetoka. Lugha tuliiacha ilivyo. "Kochi iko poa" haitageuka "kochi ni zuri sana", kwa sababu hakuna mtu wa Umoja anayemtumia fundi wake sauti ya Kiswahili cha mtihani, na sikio la msomaji linajua. Mteja akizungumza Kikamba au Kikuyu, tunatafsiri na kusema pale chini kwamba tumetafsiri.

Ubishi ulikuwa juu ya Alhamisi. Fundi alisema, na haki yake kusema, kwamba hawezi kulipia tangazo linalomtangaza kuwa anachelewa. Kipimo tunachotumia hapo ni hiki: kama sehemu unayotaka kuiondoa ingeweza kubadilisha uamuzi wa mnunuzi, ibaki. Mtu mwenye hafla ya Jumamosi akisoma ushuhuda uliosafishwa ataagiza kochi la kufika Ijumaa, litachelewa, na huyo ndiye atakayekuandikia nyota moja. Akijua, ataagiza wiki moja mapema. Halafu kuna faida nyingine ambayo fundi hakuiona mwanzoni. Mtu anayekubali mbele ya watu kwamba alikasirika ndiye anayeaminika anaposema haijabonyea. Ukimwondolea hasira umemwondolea uzito wa maneno yanayofuata.

Jambo hili limewahi kupimwa. Kituo cha utafiti cha Spiegel cha Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kilitoa ripoti mwaka 2017 iliyoonyesha kwamba uwezekano wa mtu kununua hufika kilele bidhaa inapokuwa na wastani wa nyota 4.0 hadi 4.7, kisha huanza kushuka wastani unapokaribia 5. Huko ni Marekani na huku ni Barabara ya Ngong, sawa, lakini mnunuzi wa huku hajawa mwepesi wa kudanganyika kuliko wa kule.

Malalamiko ukishayaacha, usiyaache peke yake. Chini ya ushuhuda fundi aliweka jibu lake mwenyewe: picha ile ilipigwa juani ndiyo maana rangi ilionekana nyepesi, na siku hizi anamtumia mteja kipande cha kitambaa kwa boda kabla ya kukata. Kuhusu kuchelewa alisema sasa anataja siku ya kufikisha baada ya kitambaa kuwa mkononi, kabla ya hapo hasemi. Ukiandika jibu kama hilo, hakikisha ni kweli unalifanya. Kama hujabadilisha chochote, omba radhi tu na uishie hapo.

Je, lazima uchapishe kila lalamiko? Kwenye ukurasa wako mwenyewe, hapana, nafasi ina mwisho. Lakini uteuzi wako usigeuze picha nzima. Kama kati ya wateja kumi watatu walitaja kuchelewa, ukurasa wenye shuhuda sita ambazo hakuna hata mmoja aliyengoja unadanganya, hata kama kila neno lililoandikwa pale lilisemwa kweli. Kwenye Google hali ni kali zaidi: masharti yao yanakataza kuwaomba maoni wale waliofurahi tu, na yanakataza kutoa zawadi au punguzo ili mtu aandike. Kwa hiyo ile "tupe nyota tano upate asilimia kumi" iliyobandikwa kaunta, itoe.

Wengi hutuambia wateja wao hawasemi mambo kama ya mama wa Umoja, wanasema "asante sana, Mungu akubariki" na kunyamaza. Mara nyingi tatizo ni swali na siku ya kuuliza. Ukimuuliza mtu siku ya kufikishiwa kochi, "Umeonaje huduma yetu?", atakupa adabu, kwa sababu hana kingine cha kukupa. Ngoja. Kwa kochi, ngoja miezi mitatu au minne. Kwa kuosha zulia, ngoja likauke na uone kama lile doa limerudi. Kisha uliza kitu chenye jibu: kabla hujanipigia ulikuwa unahofia nini? Ni nini hakikuwa kama ulivyotarajia? Kuna mtu umemwambia, na ulimwambia nini? Swali la pili ndilo watu hawataki kuliuliza, na ndilo linalotoa nusu ya vitu vyenye maana. Omba jibu kwa sauti. Mtu anayeandika hujipanga, anayezungumza husahau kujipanga.

Ruhusa nayo isichukuliwe kama jambo la baadaye. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, jina, picha, sauti na namba ya mteja ni data yake. Kama unategemea idhini yake, iwe ya wazi, aelewe itatumika wapi, na ajue anaweza kuiondoa wakati wowote. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya burudani Nairobi Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule moja Sh4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ndiyo maana tulipotumiwa picha ya wale watoto wakiruka juu ya kochi, nzuri kweli, hatukuiweka mpaka mama aliposema mwenyewe iwekwe. Andika ombi lako kwa WhatsApp: maneno yatakayotumika, mahali yatakapokaa, jina lake litokee namna gani. Mtumie toleo la mwisho alisome. Akisema "hayo siyo maneno yangu", yafute. Majibu yake yahifadhi.

Skrinshoti tunazitumia kidogo. Kuna programu za bure zinazotengeneza mazungumzo bandia ya WhatsApp, na wanunuzi wanalijua hilo. Skrinshoti isiyo na tarehe, yenye "wow, kazi safi!" na namba iliyofunikwa, haithibitishi kitu. Chenye nguvu ni maelezo yanayoweza kufuatiliwa: mtaa, mwezi, kochi la watu wangapi, kitambaa gani, na kiungo cha kwenda kwenye maoni yako ya Google ambayo huwezi kuyafuta upendavyo.

Hivi ndivyo ushuhuda wa mama ulivyotoka:

"Ile kochi iko poa. Kusema ukweli ile Alhamisi nilikuwa nimekasirika, uliniambia inakuja na ikakuja Jumamosi, wageni wangu wakakaa kwa viti vya plastiki. Na rangi imekuwa nzito kidogo kuliko ile ya picha. Lakini watoto wanaruka hapo tangu mwezi wa tano na haijabonyea. Ile nilikuwa nayo kwanza ilibonyea kabla Krismasi ifike. Dada yangu ameiona anataka ya watu watano..." — Mteja, Umoja. Kochi la watu watatu, velveti ya kijani. Alisema haya mwezi wa tisa.

Ukitaka tukufanyie hivi, tutumie sauti zenyewe kama zilivyokuja, usiziandike upya wewe kwanza. Pamoja nazo tutumie malalamiko mawili au matatu uliyopokea mwaka huu, na utuambie ulifanya nini kila mmoja alipolalamika. Tutaanza na hayo.