Ingizo moja kuhesabiwa mara mbili: kosa lilikuwa letu

Mhariri,

Msomaji wenu aliyelalamika kwamba programu za simu husasishwa kila mara na maelezo yake ni yaleyale, "marekebisho ya hitilafu na maboresho mengine", amenigusa pabaya. Katika kampuni yetu changa ya watu wanne, mimi ndiye ninayeandika maneno hayo, na nilikuwa nayanakili tu kutoka toleo moja hadi jingine. Safari hii nimeona nieleze kwa kirefu, maana tuliharibu hesabu za watu. Jina la programu silitaji, barua isije ikawa tangazo la bure.

Ni programu ya kuandikia mapato na matumizi. Mteja mmoja alitupigia simu akasema jumla yake ya mwezi haiendani na risiti zake. Malipo ya umeme aliyoyaandika mara moja yalikuwa yanaonekana mara mbili, kiasi kilekile, dakika ileile. Tukamjibu kwamba pengine alibonyeza kitufe cha Hifadhi mara mbili. Lilikuwa jibu la kiburi, tena halikuwa kweli.

Ukibonyeza Hifadhi, simu hupeleka ingizo lako kwenye seva, yaani kompyuta yetu inayotunza maingizo ya wateja, kisha husubiri ijibiwe "nimepokea". Mtandao ukikatika kabla ingizo halijafika, hakuna neno, simu italipeleka tena baadaye. Balaa ni pale ingizo linapofika salama na kuandikwa, halafu mtandao ukakatika wakati jibu linarudi. Simu haiwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili limetokea. Kwake kimya ni kimya. Basi hulipeleka tena, na seva ikidhani limekuja jipya huliandika mara ya pili.

Ndiyo maana sisi ofisini, penye mtandao mzuri, hatukuwahi kuliona kosa hili. Tulilinasa siku mwenzetu alipoilazimisha seva ya majaribio ichelewe sekunde 10 kujibu, akabonyeza Hifadhi, kisha akazima data akiwa bado anasubiri. Alipoiwasha tena, ingizo likawa mawili mbele ya macho yetu. Mteja tulimpigia siku hiyohiyo kumwomba radhi.

Katika toleo jipya, simu huliwekea kila ingizo namba yake ya pekee papo hapo unapobonyeza, kabla halijaondoka. Hata likipelekwa mara tatu, linakwenda na namba ileile. Seva ikiona namba inayoifahamu, hujibu "nimepokea" na haiandiki kitu tena.

Namba hiyo ndiyo iliyotupa ujasiri wa kuleta jambo ambalo watu wameliomba muda mrefu: kuandika bila mtandao. Zamani tungethubutu, maingizo yangezaana. Sasa andika popote ulipo. Pembeni ya ingizo utaona alama ya saa, na mtandao ukirudi itageuka kuwa tiki. Ila lenye alama ya saa lipo kwenye simu yako peke yake. Ukiipoteza simu, au ukiifuta programu kabla tiki haijatokea, ingizo hilo limekwenda na sisi hatuna nakala yake.

Na yale yaliyokwisha kujirudia? Hapa tulibishana karibu siku nzima. Mmoja wetu alitaka tuyafute yote kwa mpigo. Lakini mtu anaweza kulipa nauli ileile mara mbili kwa siku, akaziandika zote mbili dakika moja, na hayo ni malipo halali. Programu haina jicho la kuyatofautisha. Kwa hiyo hatukufuta kitu. Maingizo yanayofanana kiasi na dakika yamewekewa alama ya njano, uyakague mwenyewe ukiwa na risiti mkononi.

Google Play hutupa herufi 500 tu za kueleza toleo jipya, nami rasimu yangu ya kwanza ilisema "tumeboresha usawazishaji wa data". Dada yangu aliisoma akaniuliza, "Sasa mimi nifanye nini?" Nikaifuta, nikaandika hivi:

"Sasa unaweza kuandika bila mtandao. Alama ya saa: bado halijatumwa. Tiki: limefika. Pia tumerekebisha kosa letu lililofanya baadhi ya maingizo yaandikwe mara mbili mtandao ulipokatika. Ya zamani hatukuyafuta. Tafuta yenye alama ya njano, ufute yasiyo halali."

Jambo moja sikuliandika humo. Kwa kuwa namba hutengenezwa ndani ya simu, toleo la zamani bado lina kosa lake hata kama seva yetu ni mpya. Anayetumia akaunti moja kwenye simu mbili azisasishe zote mbili.

Mwandishi wa taarifa za matoleo,
kampuni ya watu wanne