Barua kwa mwanangu, kabla hujamlipa dalali wa Goba

Morogoro

Mwanangu,

Salamu zako tumezipata, na picha za ile nyumba tumeziona. Mama yako amelisifia jiko, na mimi naisifia bei. Kisha nikampa binti wa jirani simu anikuzie ile picha ya tatu, uliyopiga ukiwa nje ya geti. Ukuta wa jirani una mstari wa kahawia unaokwenda sawasawa kuanzia nguzo hadi nguzo, usawa wa goti, na chini yake rangi imebabuka. Ile ni alama ya maji. Mbele kidogo mtu amepanga viroba vya mchanga mlangoni. Hakuna anayepanga viroba bila sababu, na dalali anayelijua hilo hukupeleka Jumapili, kiangazi, ndani ya gari lake.

Nenda mwenyewe Jumatatu. Shuka lami saa moja usiku kama mtu anayetoka kazini, uone boda wanataka ngapi na wanakubali kufika wapi.

Umeniandikia kwamba mmebakiwa na njia tatu: Kariakoo mjini, Goba kwa ndani, au Kibaha kwenye ile nyumba ya rafiki yako. Nafurahi unaniuliza, wengine siku hizi huarifu tu wakiwa wameshahama. Lakini katika barua nzima umeeleza kodi, vyumba, maji na umeme, wala hukuandika mchumba wangu atakuwa anakuona saa ngapi. Ana miaka miwili, analala saa mbili. Wewe duka la Kariakoo linafungwa saa kumi na mbili, mama yake ana zamu hospitalini Upanga. Nani atafika nyumbani kabla hajalala?

Kariakoo mngefika nyote, hilo silipingi. Mkwe wangu angetembea kwa miguu. Ila kwa pesa yenu ni chumba na sebule ghorofa ya nne, maji yanapandishwa kwa pampu na umeme ukikatika mnabeba ndoo kwenye ngazi, naye ana mimba. Mtoto atachezea korido. Na tangu lile ghorofa liporomoke pale Kariakoo Novemba 2024, mama yako hataki hata kusikia. Tuliache.

Kibaha nimeitafakari zaidi, kwa kuwa ni mahali pazuri pa kulea. Viwanja vilivyopimwa vipo, hospitali ya Tumbi ipo, na bomba la Ruvu Juu linatoka Mlandizi, linapita kwao ndipo lije mjini. Siyo kwamba hawapati mgao. Mto ukipungua kama ule mwaka 2022 kila mtu anatafuta madumu. Lakini usimsikilize anayekwambia Kibaha ni karibu siku hizi kwa sababu ya treni ya umeme. Nimeipanda hiyo treni. Baada ya Pugu stesheni ni Soga, halafu Ruvu. Kibaha mjini haipiti, na ratiba yake ni ya wasafiri wa Morogoro na Dodoma, haikupangwa kwa mtu anayewahi kufungua duka. Kwa hiyo ni barabara, zaidi ya kilomita thelathini hadi Kariakoo. Imepanuliwa, kweli, kuanzia Kimara hadi Kibaha unateleza, lakini kutoka Kimara kuingia mjini upana ule unakwisha na foleni inakusubiri palepale. Utaondoka mtoto amelala, urudi amelala. Mama yako ananiambia habari hizi za baba kuonwa na watoto wake Jumapili tu nisizizungumzie mimi. Ana sababu zake, wewe unazijua.

Sasa Goba. Nilikaa na kalamu. Kodi ni 180,000 kwa mwezi, na ile nyumba ya Kimara Mwisho uliyoiona ukaiacha ni 300,000, kwa hiyo unaona umeokoa 120,000. Lakini kutoka lami hadi pale ndani umesema boda ni 2,000. Kwenda na kurudi 4,000, nanyi ni wawili na zamu hazifanani, hampandi pamoja. Hiyo ni 8,000 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi ni 200,000. Hapo bado hujapanda daladala. Nyumba ya bei nafuu imekuzidi kwa 80,000 kila mwezi, na mvua ikinyesha boda anataka zaidi au anakushusha darajani. Masafa ya mjini hayakuumizi kwenye lami. Yanakuumiza kwenye kile kipande cha mwisho, na mkwe wangu akitoka zamu ya jioni atakipita saa nne usiku na mtu asiyemjua.

Kimara Mwisho unatembea kwa miguu hadi kituo cha mwendokasi. Tena uwe Mwisho kweli, usihamie Baruti wala Bucha kwa sababu chumba ni kizuri. Mwisho basi linaanzia hapo. Ukivumilia foleni ya kituoni, la pili au la tatu mama mjamzito anakaa. Vituo vya mbele linafika limejaa, mtu anasukumwa mlangoni. Wewe unashuka Gerezani, yeye Faya, na hapo Upanga si mbali. Najua mwendokasi una vituko vyake, mabasi machache, na mvua kubwa ikijaza Jangwani njia inafungwa. Lakini siku hizo hata wa Goba na wa Kibaha hawafiki. Siku za kawaida saa moja na nusu mmoja wenu yuko nyumbani, mtoto anaogeshwa na mzazi wake. Ni hilo tu ninalolitaka.

Nadhani najua kinachokusukuma Goba, ingawa hukukiandika. Mwenye nyumba wa Kimara anataka miezi sita, 1,800,000, na dalali mwezi mmoja juu yake. Jumla 2,100,000. Goba kwa hesabu hiyohiyo ni 1,260,000. Huna hiyo 840,000 ya katikati, na umeona haya. Tangu utotoni unajifanya huna njaa. Mpunga nimeuza, nitakutumia 500,000 wiki ijayo. Iliyobaki mwambie mwenye nyumba ukweli, muombe apokee ya miezi mitatu kwanza. Wengine hukubali wakiona mpangaji ana familia na kazi.

Kibaha kanunue kiwanja, hata kidogo, mkae kwa kodi huku mkijenga taratibu. Ukionyeshwa, omba namba ya kiwanja na kitalu, uzipeleke mwenyewe idara ya ardhi ya halmashauri kabla ya kutoa hata shilingi ya usumbufu. Karatasi ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili inathibitisha mliuziana. Kwamba kiwanja ni cha aliyekuuzia, hiyo haisemi. Mjomba wako anaijua tofauti hiyo vizuri, muulize akiwa na furaha.

Mama yako goti linamsumbua tena, lakini bado anakwenda shamba, usimwambie nimekwambia. Bati la jikoni tumebadilisha mawili. Yule mbuzi mweusi amezaa.

Gunia la mchele nimelipakia kwenye basi la Ijumaa, litafika stendi ya Mbezi alasiri. Namba ya konda nitakutumia kwenye simu. Lichukue siku hiyohiyo, likilala stoo wanatoza. Ndani kuna kifuko cha ubuyu, ni cha mchumba wangu, na usimpe usiku.

Baba yako