Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Julai Yetu na Daftari Mbili

Ndugu wanachama, assalamu alaykum, na salamu kwenu nyote mliofika.

Mwaka uliokwisha Desemba tulikuwa wanachama 36 na hakuna aliyetoka. Tulizika mara tatu, na kila familia iliyofiwa ilipewa shilingi 20,000. Wawili walilazwa hospitali, kila mmoja akapelekewa 10,000. Shajala na makato ya benki yalikula 3,500. Mengine yako kwenye hesabu za mweka hazina, ambazo mmegawiwa mlangoni, na mkizisoma mtaona sina la kuongeza. Muda wangu uliobaki nitautumia kwa jambo moja, kwa sababu limezungumzwa sana vibarazani na limezungumzwa vibaya.

Jambo lenyewe ni la Julai. Mnajua utaratibu wetu: kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya sala ya alasiri, mtu akiingia anatia saini daftari la mahudhurio lililo mbele ya katibu, kisha anasogea meza ya pili na kutoa shilingi 500 kwa mweka hazina, anaandikwa kwenye daftari la michango na kupewa risiti. Meza mbili, daftari mbili, watu walewale. Kwa hivyo waliotia saini na waliolipa mezani wanapaswa kuwa sawa.

Desemba, alipokaa kufunga hesabu za mwaka, mweka hazina aliona kwamba Julai hazilingani. Saini zilikuwa 32. Majina yaliyolipa mezani yalikuwa 29. Alikuja kwangu usiku huohuo, buibui bado limelowa mvua, akaziweka daftari zote mbili juu ya meza yangu ya chakula.

Nitawaambia nilichomjibu, maana yeye hatawaambia. Nilimwambia aongeze kilichopungua kutoka mfukoni mwake, ayaandike majina matatu, tumalize. Niliona nimemsaidia. Yeye alifunga daftari na kusema, "Mwenyekiti, nikiongeza leo, kesho pesa halisi zikionekana, ziada nitaiita nini?" Sikuwa na jawabu. Alishika fedha za duka la vifaa vya ujenzi miaka tisa kabla hatujamchagua, na mambo haya ameyaona.

Kisha akanionyesha kitu ambacho mimi, kwa haraka zangu, sikukiona. Watu 32 kwa 500 ni 16,000. Jumla ya pesa za mezani siku ile, kwenye daftari na kwenye slipu ya benki ya Jumatatu, ilikuwa 15,000. Yaani majina yalipungua matatu, lakini pesa zilipungua za watu wawili tu. Mtu akiiba, majina na pesa havipishani hivyo. Mahali fulani mlikuwa na 500 isiyokuwa na mwenyewe.

Hiyo ndiyo aliyoianza. Alichukua penseli na rula, akateremka ukurasa wa Julai mstari kwa mstari, akiangalia kiasi badala ya majina. Mstari wa kumi na saba ulisomeka 1,000. Jina ni la mama wa Majengo. Sasa, mnajua kuwa tuna wanachama wawili wenye jina moja, la kwanza mpaka la baba: mmoja wa Majengo, mwingine anauza nazi Kongowea. Kwenye mahudhurio kila mmoja ametia saini yake. Kwenye michango, mweka hazina alipomwona wa pili akitoa 500 alilitafuta jina, akalikuta tayari limeandikwa, akajumlisha palepale. Kosa ni lake, na amelikubali. Risiti mbili zenye namba zinazofuatana zilikuwa bado kwenye kitabu cha nakala. Tukabaki na majina mawili na pesa za watu wawili, na sasa hesabu ikaanza kusema kitu.

Wa pili alipatikana kwenye simu. Dada yetu mmoja wa Kisauni alihudhuria, akasema hana pesa taslimu, akaahidi kutuma. Alituma usiku uleule kwa M-Pesa, na ujumbe una tarehe na saa yake. Mweka hazina aliuona asubuhi ya Jumatatu, akiwa amekwishapiga mstari chini ya ukurasa wa Julai na kwenda benki. Akaiandika pesa ile ukurasa wa Agosti, kwenye sehemu ya malipo ya waliokosa kufika. Pesa ilikuwa salama, ila imelala chumba kisicho chake. Tangu sasa kila pesa itaandikwa mwezi inaolipia, na pembeni iandikwe siku iliyoingia. Hizo ni tarehe mbili tofauti na sisi tulikuwa na safu moja tu.

Alibaki mmoja, na huyu ndiye aliyetuchosha. Ni mwanachama wa Likoni. Saini yake ipo. Pesa yake haipo mezani, benki, wala kwenye simu. Alipoulizwa alisema kwa utulivu kabisa kwamba Julai hakuja. Mweka hazina akalirudia daftari la mahudhurio, akasoma safu ya saa ya kufika. Mtu wa mstari wa ishirini na tisa alifika saa kumi na dakika ishirini. Wa mstari wa thelathini, yule wa Likoni, saa kumi na dakika ishirini. Kalamu ni ileile ya wino wa kijani, na hakuna mwingine siku ile aliyetumia kijani. Mkia wa saini zote mbili unapinda kushoto.

Mstari wa ishirini na tisa ni wa wifi yake.

Hatukumkabili mtu kwa mkia wa saini. Kwanza tulifungua kumbukumbu za mkutano, daftari la tatu ambalo hakuna aliyewahi kulilinganisha na haya mawili. Chini ya "Waliotoa udhuru" katibu aliandika jina la mwanachama wa Likoni kwa mkono wake, kwa sababu alikuwa amempigia simu saa nane kusema kwamba mtoto ana homa. Basi kwa mkutano mmoja, mtu huyohuyo alikuwapo na hakuwapo, na katibu aliyekuwa na daftari zote mbili mbele yake hakugundua. Wifi alipoitwa alicheka, kisha akalia. Alidhani mwenzake amekwama foleni ya feri, akataka kumwokoa na faini ya shilingi 100 ya asiyefika. Faini yenyewe haikuwapo, kwa kuwa aliyetoa udhuru hatozwi. Uongo ule haukumwokoa mtu na kitu chochote.

Kwa hivyo Julai imekaa hivi: waliofika kweli ni 31. Mezani ililipwa 15,000, na 500 ikaja kwa simu. Jumla 15,500, ambayo ndiyo 31 kwa 500. Hakuna shilingi iliyoliwa. Wale waliosema maneno kuhusu mweka hazina tangu Desemba wanajijua. Sitawataja, ila nyumba yake wanaijua pia, na njia ya kwenda si ndefu.

Ningeweza kuishia hapo na ningependa. Lakini baada ya Julai mweka hazina hakuziamini tena jumla, akarudia miezi yote kumi na miwili, jina kwa jina, akitia tiki ya penseli kwenye daftari zote mbili. Mimi nilimwambia miezi kumi na mmoja inalingana, anajichosha bure. Machi, kwa mfano, ilikuwa 33 kwa 33.

Machi ilikuwa 33 kwa 33 na ilikuwa mbovu. Fundi cherehani wetu wa Mwembe Tayari alilipa bila kutia saini. Asubuhi ya siku ile alipitia kwa mweka hazina, akaacha 500 yake na kwenda mazishini Kwale. Na kulikuwa na mtu mwingine aliyetia saini bila kulipa. Mmoja amezidi huku, mmoja amezidi kule, jumla zikatoka sawa, na sote tukazipigia makofi kwenye mkutano wa Aprili.

Aliyetia saini bila kulipa ni mimi.

Siku ile tulitembelewa na afisa wa maendeleo ya jamii, aliyekuja kutazama vitabu vyetu kwa ajili ya usajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Nilitia saini, nikamshika mkono mgeni, nikaenda kukaa naye mbele. Meza ya pili sikuifikia. Mweka hazina aliona aibu kuniita mbele ya mgeni, na baadaye akasahau.

Mtauliza kwa nini sikudaiwa miezi tisa. Ni kwa namna tulivyokuwa tukiandika orodha ya madeni. Tuliitoa kwenye daftari la mahudhurio: asiyefika ndiye anayefuatwa, aliyefika tunamhesabu amelipa. Fundi cherehani alifuatwa Machi ileile, akaonyesha risiti, akafutwa kwenye orodha, na hakuna aliyesimama kuuliza kama huyu hakuwapo na amelipa, basi ni nani aliyekuwapo na hakulipa. Mwanachama wa Likoni naye hakufuatwa Julai kwa sababu hiyohiyo. Saini ilitulaza sote wawili.

Kuanzia leo daftari ni moja. Mtaona safu ya saini na safu ya pesa ziko kwenye mstari mmoja, na kila mwanachama ana namba yake, ili mama wa Majengo na mama wa Kongowea wasichanganywe tena. Katibu atapiga mstari chini ya saini ya mwisho kabla hatujafungua mkutano, na pesa zitahesabiwa mbele yenu kabla ya chai. Orodha ya madeni itatoka kwenye safu ya pesa. Kuhusu kumtilia mwenzako saini, katiba yetu haina kifungu. Kamati inapendekeza faini ya 200, na mtapiga kura leo. Mimi nadhani 200 ni kidogo, lakini nimeshindwa kwenye kamati.

Michango ya mwaka ilipaswa kuwa 216,000. Iliyoingia ni 215,500, pamoja na 500 ya mwanachama wa Likoni, aliyoileta wiki mbili zilizopita. Tukitoa 83,500 iliyotumika, inabaki 132,000, mbali na akiba ya nyuma. Pengo la 500 ni la Machi na ni langu. Mweka hazina alikataa kuipokea nyumbani kwake. Alisema pesa ya mezani inalipwa mezani. Nikikaa chini sasa nitaenda kupanga foleni nyuma ya fundi cherehani.